Una pengo kwenye masomo au kazi na unaomba atachimenti? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara (Malindi, Watamu na Lamu)

Kazi yangu hotelini ni pamoja na kupokea barua za vijana wanaoomba atachimenti na intanshipu, na karibu kila msimu naulizwa maswali haya haya, getini, wasap, hata msikitini baada ya swala. Nimeyaweka pamoja. Mifano mingi ni ya wanafunzi wa mambo ya hoteli kwa sababu ndiyo ninayoiona kila siku, lakini mtu wa uhasibu wa kaunti au wa bandari kule Lamu atatumia njia hiyo hiyo. Barua zenyewe wengi huziandika kwa Kiingereza, mimi nimeweka mifano kwa Kiswahili ili umbo lake lionekane wazi kabla hujaihamisha.

## Mwanzo kabisa

Pengo ni lipi hasa? Kila mwezi niliokaa nyumbani niueleze?

Hapana. Pengo la kuelezwa ni lile ambalo mtu akisoma karatasi zako atasimama ajiulize "huyu hapa katikati alikuwa wapi?" Kwa mwanafunzi mara nyingi ni semista nzima au zaidi, kwa aliyemaliza chuo ni kuanzia miezi sita hivi.

Kuna vipindi havihitaji neno hata moja. Ukimaliza KCSE Novemba ukaingia chuo Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata baada ya KUCCPS kukupangia, hilo si pengo, ndivyo mambo yanavyokwenda kwa kila mtu. Mwaka 2020 pia, shule na vyuo vilifungwa katikati ya Machi na shule hazikufunguliwa kwa madarasa yote mpaka Januari 2021, hakuna msomaji Kenya hii asiyejua. Na kwa sisi wa pwani kuna miezi ya mvua, kuanzia Aprili mpaka Juni hivi, hoteli nyingi za Malindi na Watamu hupunguza watu au hufunga kabisa, kwa hiyo ukiwa ulifanya kazi Desemba mpaka Aprili halafu ukarudi Julai, andika tu tarehe zako, meneja wa huku ataelewa mwenyewe. Ukiomba Nairobi ndio uongeze maneno mawili, "kazi ya msimu", basi.

Kwani wasipoambiwa watajuaje?

Wanajua kabla hawajafika kwenye barua yako, na hili vijana wengi hawalijui. Ukituma ombi la atachimenti kuna barua ya chuo imeambatana nalo, na barua ile ina namba yako ya usajili, ambayo kwa vyuo vingi huishia na mwaka ulioingia. Sasa namba yako ikiishia /2021 na barua inasema uko mwaka wa mwisho na unatafuta nafasi ya Mei 2025, na kozi yenyewe ni ya miaka mitatu, mimi hata kalamu sijashika nimeshaona kuna mwaka mmoja umepotea njiani. Halafu transkripti nayo inaonyesha semista moja moja na mwaka wake, inaruka wazi.

Kwa hiyo swali si kama wataliona. Wataliona, na maelezo yako yanatakiwa yawepo pale pale macho yanapofika, ili msomaji asijibunie hadithi yake mwenyewe. Akijibunia, mara nyingi ni mbaya kuliko ya kweli.

Nilielezee wapi, kwenye CV, kwenye barua, au ningoje intavyuu?

CV mstari mmoja, barua sentensi mbili au tatu, intavyuu ukiulizwa. Kwenye CV usifungue sehemu mpya yenye kichwa "pengo langu", weka hapo hapo kwenye mstari wa kozi:

*Sept 2021 – sasa: Diploma ya Uendeshaji Hoteli (masomo yaliahirishwa Jul 2022 – Ago 2023)*

Sababu haiingii kwenye CV. Sababu inakaa kwenye barua, na iwe aya ya pili au ya tatu, baada ya kusema wewe ni nani na unaomba nini. Barua inayoanza na shida inamfanya msomaji akuone wewe kama shida hiyo kabla hajajua unasomea nini. Na imeili inayobeba hizo karatasi, yaani ule ujumbe mfupi wa juu, usiweke kabisa habari ya pengo, maana ile husambazwa kwa watu ambao hawahusiki, mara iko kwa karani, mara kwa mkuu wa jikoni.

## Kuandika yenyewe

Niandike vipi sasa? Nipe mfano wa kweli.

Mambo manne tu, kwa mpangilio huu: lini mpaka lini, kwa sababu gani kwa maneno machache, ulikuwa ukifanya nini, na kwamba limekwisha. La mwisho ndilo watu husahau na ndilo ninalolitafuta mimi, kwa sababu anayepokea mwanafunzi wa miezi mitatu woga wake ni mmoja, kwamba utaanza halafu wiki ya tano utatoweka.

Tumchukulie binti wa Muyeye, anasoma diploma ya hoteli. Aliingia chuo Septemba 2021, akamaliza mwaka wa kwanza, halafu babake mvuvi akapigwa na kiharusi. Karo ikakosekana, na nyumbani hapakuwa na wa kumgeuza mzee kitandani isipokuwa yeye na mamake. Akaahirisha Julai 2022, akarudi Septemba 2023. Barua yake ya kwanza inakuja hivi:

*"Ningependa kueleza kwa masikitiko makubwa kwamba masomo yangu yalikatizwa kutokana na changamoto nyingi za kimaisha zilizoikumba familia yetu, ambapo baba yangu mpendwa ambaye ndiye tegemeo letu alipatwa na ugonjwa wa kiharusi upande wa kushoto na akalazwa mara kadhaa, na sisi tukiwa watoto sita ilibidi nijitolee, na naomba mnielewe na mnihurumie kwani haikuwa kupenda kwangu..."*

Kila neno hapo ni kweli na mtu mwenye moyo atamwonea huruma. Lakini angalia kilichokosekana. Hakuna tarehe hata moja. Hakuna mahali anaposema amerudi chuoni. Msomaji anaujua upande wa mwili wa babake ulioumia na hajui kama mwanafunzi mwenyewe bado yuko chuo. Halafu yale maneno "mnihurumie" yanampa meneja kazi ambayo si yake, yeye anatafuta mtu wa kushika zamu ya asubuhi jikoni.

Sasa tunamuuliza binti: huo mwaka ulikuwa ukifanya nini asubuhi? Anasema alikuwa akiuza mahamri na viazi karai nje ya nyumba, akiandika kwenye daftari alichonunua na alichouza, unga, mafuta, nazi, kila siku. Hilo daftari hakulitaja kwa sababu aliona si kazi. Barua ya pili ikawa hivi:

*"Niliahirisha masomo kuanzia Julai 2022 hadi Agosti 2023 kwa sababu baba aliugua na karo ikakosekana. Muda huo niliuza mahamri na viazi karai mtaani na kuweka hesabu ya kila siku. Nilirudi chuoni Septemba 2023, na sasa niko mwaka wa mwisho."*

Ni maneno kama arobaini. Tarehe zinalingana na transkripti, sababu imetajwa bila kuingia chumbani kwa mgonjwa, daftari limeingia, na pengo limefungwa kwa mwezi na mwaka. Sentensi inayofuata inarudi kwenye kazi moja kwa moja: *"Naomba nafasi jikoni kwa sababu..."* na hapo ndipo nguvu ya barua iende, manake hiyo ndiyo sehemu inayokupa nafasi.

Nikiandika kwa ufupi hivyo si nitaonekana naficha kitu?

Ufupi wenye tarehe hauonekani kama kuficha. Kinachoonekana kama kuficha ni maneno ya jumla yasiyo na mwezi wala mwaka, kama "kutokana na sababu zisizoepukika" au "changamoto za hapa na pale". Mtu akisoma hayo anaanza kuchimba. Andika "sababu za kiafya, Januari hadi Juni 2023", fupi kuliko hayo yote, na hachimbi, kwa sababu ameshajua ukubwa wa jambo.

Nilikuwa nafanya vibarua tu, boda, kuvua, kusaidia dukani. Hiyo niandike?

Andika, na usiandike kama unaomba radhi. Ila usiipambe pia. Nimeona mtu aliyekuwa dereva wa boda ameandika "meneja wa usafirishaji", na nikimuuliza alikuwa na watu wangapi chini yake anaangalia sakafu. "Nilikuwa dereva wa pikipiki stendi ya Watamu, Machi hadi Desemba 2022" inatosha, inaniambia unaamka mapema, unazijua njia, unashika pesa za watu.

Kwa vijana wa Lamu waliokuwa wakienda baharini, eleza msimu kwa miezi ikiwa ombi linakwenda bara. Sisi ukituambia "nilivua kaskazi, kusi nikawa nashona nyavu" tunaelewa, lakini karani wa Nairobi hajui kaskazi ni lini, mwandikie "Novemba hadi Machi". Na taja kitu kimoja ulichokishika kwa mikono, kutengeneza mashine ya boti, kuhesabu samaki kwa kilo kwa mnunuzi, kupeleka wageni Manda na kurudi. Kimoja kinachohusiana na unachoomba, sio vyote.

Nilikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani kisha nikarudi kusoma. Nahisi aibu kuandika.

Dada yangu, hiyo ni kazi kamili, tena ya masaa mengi kuliko atachimenti yoyote utakayopewa hapa, na haiandikwi chini ya pengo, inaandikwa chini ya kazi: mwezi na mwaka wa kuanza, wa kumaliza, nchi, na ulichofanya. Kama unaomba usafi wa vyumba au jikoni basi ni uzoefu wa moja kwa moja, na Kiarabu ulichokipata kiweke kwenye lugha, kwa kiwango chake halisi. Yaliyokupata mabaya kule, kama yapo, si ya barua hii na si lazima umwambie mtu asiyehitaji kujua.

Vivyo hivyo kwa aliyekaa mwaka mmoja au miwili akihifadhi Qur'ani. Hayo ni masomo, yaweke kwenye sehemu ya masomo na tarehe zake na mahali pake. Sioni sababu kijana aache miaka miwili tupu kwenye karatasi wakati alikuwa darasani kila siku kuanzia alfajiri.

Na kama kwa kweli sikufanya chochote?

Basi usitunge. Toa sehemu ya "ulikuwa ukifanya nini" ubaki na tatu: lini, kwa nini, na limekwisha. "Niliahirisha masomo Mei 2023 hadi Aprili 2024 kwa kukosa karo. Nilirudi Mei 2024 na karo ya mwaka huu imeshalipwa." Hakuna aibu hapo. Kukosa karo, au mkopo wa HELB kuchelewa, ndiyo sababu ninayoiona kwa wingi kuliko zote na hakuna meneja wa huku itakayemshangaza. Ila hiyo sentensi ya mwisho kuhusu karo ya mwaka huu iandike tu kama ni kweli.

## Sababu nzito

Niliugua. Nitaje ugonjwa wenyewe?

Huna lazima. "Sababu za kiafya" inatosha, kisha useme sasa unaweza kufanya kazi uliyoomba. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 habari za afya yako ziko kwenye kundi la taarifa nyeti, yaani si za kuachwa zikizunguka ofisini, na Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 5 inakataza kubaguliwa kwa ulemavu, hali ya akili, ujauzito au VVU, na inamtaja mpaka mtu anayetafuta kazi, sio aliyeajiriwa peke yake.

Pamoja na hayo kuna jambo la kupima. Ikiwa ugonjwa wako unagusa kazi yenyewe, tuseme una kifafa na unaomba jikoni penye mafuta ya moto, au mgongo wako hauwezi kunyanyua na unaomba stoo, hapo utahitaji kuongea, lakini si kwenye barua. Subiri wakupe nafasi, kisha uongee na yule atakayekusimamia kabla hujaripoti: "Niko sawa na dawa zangu, ila zamu ya usiku mfululizo inanisumbua, naomba nipangiwe mchana." Ukiyasema hapo yanapanga zamu, ukiyaandika mwanzoni yanaweza kukupotezea nafasi kabla hujaonekana.

Nilipata mtoto nikaacha chuo mwaka mzima. Nisemeje?

"Niliahirisha masomo kwa majukumu ya kifamilia", tarehe, na umerudi. Ni kweli na ni kamili. Ile Sheria ya Data niliyotaja kwenye swali lililopita inahesabu hata habari za watoto wako na mume wako kama taarifa nyeti, kwa hiyo usijione mwongo kwa kutozitaja.

Ukweli ni kwamba wakati mwingine utaulizwa, "mtoto utamwacha na nani?" Swali hilo wanaume hawaulizwi na si haki, lakini likija uwe na jibu la sentensi moja, "mamangu anakaa naye, tumeshapanga", kisha unyamaze. Usianze kueleza ndoa.

Nilifeli nikarudia mwaka, au nilisimamishwa chuo. Hili nalo niseme?

Kurudia mwaka kutaonekana kwenye transkripti kwa hiyo liseme wewe kwanza, na useme kilichobadilika: "Nilirudia mwaka wa pili baada ya kufeli masomo mawili, nimeyapita yote Julai 2024." Sijawahi kuona mtu akinyimwa nafasi kwa sentensi hiyo. Nimeona wakinyimwa waliosema walikuwa wagonjwa na transkripti ikasema vingine.

Kusimamishwa kwa nidhamu ni zito zaidi. Kwenye barua andika "sikuwa chuoni Januari hadi Agosti 2023, nilirejeshwa Septemba" na ujiandae kulisema lenyewe kwa mdomo ukiulizwa, bila kuwasukumia wengine. Fomu ikiuliza moja kwa moja "umewahi kusimamishwa?" jibu ni ndiyo. Hapo kunyamaza kumekwisha, kwa sababu kuna tofauti kubwa kati ya kutosema usichoulizwa na kukana ulichoulizwa.

Nilikuwa rumande, au nilikuwa nikitibiwa uraibu. Nifanyeje?

Matibabu ya uraibu ni matibabu, fuata swali la ugonjwa hapo juu, "sababu za kiafya". Tunao vijana wa Malindi na Lamu waliotoka huko wakasimama, na hawadaiwi maelezo na kila mtu. Ila kama bado unakwenda kliniki kila asubuhi kunywa dawa, muda huo utagongana na zamu, kwa hiyo ukishapewa nafasi mwambie msimamizi kuwa una miadi ya hospitali asubuhi na utafika saa fulani.

Rumande bila hukumu si hatia. Lakini hoteli na ofisi nyingi huomba cheti cha tabia njema cha DCI, kwa hiyo kama ulihukumiwa, usitegemee haitajulikana. Kwenye barua weka tarehe na "sababu za kibinafsi ambazo niko tayari kuzieleza ana kwa ana", na hapa tu ndipo ninapoyakubali maneno hayo, kisha uwaeleze kweli kabla cheti hakijafika mezani kwao.

## Tarehe na ukweli

Naweza kusogeza tarehe kidogo pengo lisionekane? Miezi miwili tu.

Usisogeze. Kando ya kuwa ni uongo, haufiki mbali. Malindi na Watamu mameneja wanajuana, wamefanya kazi pamoja, wako kwenye makundi ya wasap ya pamoja, na kupiga simu kuuliza "huyu alitoka kwenu lini?" ni jambo la dakika mbili. Akijibiwa Aprili na wewe umeandika Juni, haijalishi tena ulikuwa mfanyakazi mzuri kiasi gani. Na ukitengeneza barua au cheti cha kuunga mkono tarehe hizo, umeshatoka kwenye mambo ya CV umeingia kwenye kughushi, ambalo ni kosa la jinai.

Kuandika miaka peke yake bila miezi si uongo kama kazi zako ni za miaka mingi. Lakini "2022 – 2023" ikiwa ni Desemba 2022 mpaka Januari 2023, hapo unajua unachokifanya. Na fomu ikitaka miezi, weka miezi.

Aliyekubali kunipendekeza aambiwe nini?

Mtumie zile sentensi zako tatu kabla hujatuma ombi. Mwalimu wako akipigiwa simu akasema "aliacha kwa karo" na wewe umeandika afya, wote wawili mnaweza kuwa mnasema kweli, lakini kwenye simu inasikika vibaya. "Mwalimu, shikamoo, nimeandika hivi kuhusu mwaka 2022, naomba ujue ukiulizwa" inatosha.

## Ana kwa ana, na visa vya pembeni

Intavyuu wakiniuliza niseme nini, maana nikianza huwa nalia.

Sema yale yale ya kwenye barua, kwa sauti, mara nyingi nyumbani mpaka yapoteze makali. Kisha nyamaza. Watu huharibika kwenye kile kimya cha sekunde tatu baada ya jibu, wanadhani wameambiwa waendelee. Meneja anaandika tu.

Inaweza kwenda hivi. "Naona hapa mwaka mmoja hukuwa chuo." "Ndiyo mama, niliahirisha Julai 2022 mpaka Agosti 2023, baba aliugua na karo ikakosekana. Nilikuwa nauza chakula mtaani. Nilirudi na sijakosa semista tena." "Na mzee anaendeleaje sasa?" "Alhamdulillahi, anatembea na mkongojo, kaka yangu yuko naye." Hilo la mwisho linaulizwa kwa utu, na pia linauliza kama utatoweka tena. Jibu lake limeyajibu yote mawili.

Na machozi yakija, yaache yaje, kunywa maji, malizia sentensi. Hakuna mtu mzima atakayekuhukumu kwa hilo.

Nina mapengo mawili. Niyaeleze yote?

Kama sababu ni moja, yaunganishe: "Niliahirisha masomo mara mbili kwa kukosa karo, Mei hadi Agosti 2021 na mwaka mzima wa 2023." Kama sababu ni tofauti, lielezee lile la karibuni na refu kwenye barua, lile dogo libaki kwenye mstari wa CV. Aya mbili za mapengo zinameza barua nzima.

Fomu ya mtandaoni ina kisanduku kidogo tu, au haina kabisa.

Kikiwa kidogo, weka tarehe na sababu na kurudi, acha mengine: "Jul 2022 – Ago 2023: niliahirisha, ugonjwa wa mzazi. Nilirudi Sept 2023." Ziandike kwanza kwenye simu uhesabu herufi, maana fomu zingine hukata katikati bila kukwambia. Kikiwa hakipo, usilazimishe kwenye kisanduku cha "maelezo mengine", mstari wa CV utafanya kazi yake.

Nimemaliza chuo siku nyingi. Nikieleza vizuri, pengo halitanizuia kwenye intanshipu ya serikali?

Hapa inategemea tangazo. Intanshipu ya utumishi wa umma inayotangazwa na Tume ya Utumishi wa Umma, PSC, ni ya waliohitimu na huwa ya miezi kumi na miwili, na tangazo lenyewe ndilo linalosema ni waliohitimu kuanzia mwaka gani. Ukiwa nje ya miaka hiyo, maelezo yako hata yawe mazuri vipi hayasomwi, mfumo unaangalia tarehe. Soma hicho kipengele kwanza kabla hujalipia saiba. Ukiwa ndani ya miaka hiyo, fuata umbo lile lile la sentensi tatu.

Niambatanishe barua ya kuahirisha masomo na ya hospitali?

Ya hospitali hapana kabisa, isipokuwa wameiomba kwa maandishi, na hata hapo uliza kama barua isiyotaja ugonjwa inatosha. Ya chuo, ile ya kuahirisha na ile ya kurudishwa, usiitume ila uwe nayo. Kama hukupewa, nenda kwa msajili uiombe sasa, usingoje wiki ya kuripoti, kwa sababu ofisi hizo mwezi wa Mei zinajaa wanafunzi wa bima na vitabu vya kumbukumbu za atachimenti na barua moja inaweza kuchukua siku nyingi. Wa Lamu mnaosoma Kilifi au Mombasa, piga simu kwanza ujue kama lazima ufike mwenyewe, kabla hujapanda boti ya kwenda Mokowe na basi la siku nzima kufuata karatasi ambayo mwenzako wa darasa angeweza kukuchukulia.